Anga la klipu ya biti 8 linavunjika mabaka nikisukuma gredi: kasoro ni ya kamera au ya faili?

Mchana_Kweupe

Wakuu, heshima kwenu. Nina klipu ya machweo, imepigwa muda mfupi baada ya jua kuzama. Anga linaanza na chungwa hafifu karibu na upeo, linapanda taratibu mpaka buluu iliyokolea juu. Nimerekodi ndani ya kamera yenyewe kwa S-Log3, 3840x2160. Kabla sijaigusa, anga ni laini kabisa. Nikirudisha kwenye Rec.709 bado inavumilika. Shida inaanza nikiivuta ile buluu iende kwenye kijanibuluu kama mteja anavyotaka: nikipandisha kontrasti na Saturation, anga linakatika ngazi kwa ngazi, na katikati ya ngazi yanatokea mabaka ya waridi na kijani ambayo mimi mwenyewe sikuyaona siku ile.

Nimeipitisha kwenye ffprobe:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=codec_name,pix_fmt -of default=nw=1 anga.mp4
```

Ikajibu hivi:

```
codec_name=h264
pix_fmt=yuv420p
```

Maswali yangu ni mawili. Je, kihisio cha kamera kina kasoro? Na nikiigeuza kuwa ProRes 422 HQ kabla ya kugredi, mabaka yataondoka?

Nuru77

Kaka hilo linatukuta wengi. YouTube inabana sana video za anga na moshi. Pandisha ikiwa 4K hata kama umepiga HD, utaona inatulia. Mimi tangu nianze hivyo malalamiko yamepungua.

Mchana_Kweupe

Asante Nuru77, ila sijapakia popote bado. Mabaka nayaona ndani ya Resolve, kwenye taimlaini, kabla ya kutoa faili.

KabatiLaKlipu

Mkuu, yuv420p maana yake ni biti 8 na rangi ya 4:2:0, basi ndiyo hiyo. Igeuze kuwa ProRes, utakuwa na biti 10 na 4:2:2 na nafasi ya kugredi itaongezeka. Halafu kuna njia nzuri zaidi: shusha 4K yako iwe HD. Pikseli nne zinakuwa moja, na thamani nne za biti 8 ukizijumlisha unapata biti 10. Rangi nayo inageuka 4:4:4 kamili. Hesabu ziko wazi.

FundiRangi

Mchana_Kweupe, kamera yako ni nzima, na faili nalo halijaharibika. Linakupa kila kilichoandikwa ndani yake. Ila kilichoandikwa ni kichache, na gredi yako inadai kingi. Tulihesabu anga lako hilohilo ndipo itaeleweka kwa nini lilikuwa laini mwanzoni.

Fomula ya S-Log3, kwa sehemu kubwa ya picha isipokuwa giza la chini kabisa, ni hii, x ikiwa mwanga na y ikiwa thamani inayoandikwa:

```
y = (420 + log10((x + 0.01) / 0.19) * 261.5) / 1023
```

Mwanga ukiongezeka mara mbili, yaani stopu moja, log10 ya 2 ni 0.301, na mara 261.5 unapata karibu 79. Hizo ni thamani za biti 10. Kamera yako inaandika biti 8, kwa hiyo gawanya kwa 4: stopu nzima inapewa thamani 20 tu. Hiyo ndiyo bei ya logi. Inachukua stopu nyingi sana na kuzibana zote ndani ya faili moja, na kila stopu inapata fungu dogo.

Sasa angalia anga. Tuseme linachukua mistari 1200 ya fremu, na kutoka chini hadi juu mwanga unapungua nusu stopu. Nusu stopu ni thamani 10. Mistari 1200 kwa thamani 10, kila thamani inashika mistari 120. Ngazi zimo tayari kwenye faili lako ambalo halijaguswa! Huzioni kwa sababu tofauti ya ngazi na ngazi ni thamani moja, na mruko wa thamani moja juu ya picha iliyopauka hivyo ni mdogo mno kwa jicho.

Halafu unaanza kuvuta. Stopu ileile iliyopewa thamani 20 kwenye S-Log3, Rec.709 inaipa kama 40 pale juu ya kijivu cha wastani. Maana yake kuirudisha tu kwenye Rec.709, bila ubunifu wowote, kumezidisha kila kitu mara mbili. Mkunjo wako wa kontrasti ukiongeza mara moja na nusu, umefika mara tatu. Ngazi ya kimo cha 1 sasa ni ya kimo cha 3, na bado ina upana wa mistari 120. Jicho la mtu ni kali sana kwenye mpaka mrefu ulio wazi namna hiyo. Ni kitambaa cha nyuzi chache: kikilala kimekunjana huoni kitu, ukikinyoosha unaona matundu.

Anga hilohilo kwa biti 10 lingekuwa na thamani 39 hivi, kila moja mistari 30. Baada ya kuzidisha mara tatu, mruko wa ngazi moja ni robo tatu ya thamani moja ya biti 8. Skrini ya kawaida haiwezi hata kuuonyesha. Tofauti ya biti 8 na 10 kwenye gredi iko hapo: je, baada ya kuvuta, hatua moja ya faili bado ni ndogo kuliko hatua moja ya skrini?

Kuhusu ProRes: itakusaidia kompyuta ifanye kazi kwa wepesi, basi. Thamani 10 za anga ukizihamishia kwenye faili la biti 10 zinabaki 10, zimekaa mbalimbali tu. Na Resolve ndani yake inakokotoa kwa desimali za biti 32 hata ukiiletea H.264, kwa hiyo hakuna kinachopotea kwenye hesabu za gredi ambacho ProRes ingekiokoa.

Mchana_Kweupe

Fundi, nimekuelewa kuhusu ngazi. Lakini waridi na kijani vinatoka wapi? Kama ni ngazi za mwanga, si zingekuwa buluu nzito na buluu nyepesi tu?

FundiRangi

Swali zuri, na hapa ndipo rangi inapoumia kuliko mwanga.

Faili lako halina nyekundu, kijani na buluu. Lina mwanga, yaani luma, na tofauti mbili za rangi: Cb inayoelekea buluu na Cr inayoelekea nyekundu. Zote mbili hazina rangi zikiwa 128, zinapanda au kushuka kadiri rangi inavyokolea. Logi imepauka, kwa hiyo anga lako halijaenda mbali na 128. Huenda kutoka upeoni hadi juu Cb yote imetembea thamani 6 tu, na Cr thamani 4 au 5.

Ili kupata picha ya skrini, programu inafanya hivi kwa Rec.709 ya masafa ya video:

```
R = 1.164*(Y-16) + 1.793*(Cr-128)
G = 1.164*(Y-16) - 0.213*(Cb-128) - 0.533*(Cr-128)
B = 1.164*(Y-16) + 2.112*(Cb-128)
```

Tazama ile 2.112. Hatua moja ya Cb inairusha buluu hatua mbili na zaidi, kabla wewe hujagusa kitu. Luma ina 1.164 tu. Kwa hiyo hata kwenye faili la biti 8, rangi ina ngazi kubwa kuliko mwanga tangu mwanzo. Sasa kontrasti, kubadili upana wa rangi kutoka ule wa kamera kwenda Rec.709, na Saturation yako juu yake: chukulia kwa jumla rangi imezidishwa mara nne. Hatua moja ya Cb inairusha buluu zaidi ya 8. Hatua moja ya Cr inapandisha nyekundu 7 na papo hapo inashusha kijani 2.

Na Cb na Cr hazikubaliani zipande ngazi kwenye mstari mmoja. Kila moja inakadiriwa kivyake hadi namba nzima iliyo karibu. Kwa hiyo kuna ukanda wa anga ambao Cr imeshavuka na Cb bado: nyekundu imezidi, unaona waridi. Mistari kadhaa mbele Cb nayo inavuka, rangi inarudi kwenye buluu. Kwingine Cr imekadiriwa chini ya ukweli, nyekundu inapungua, unaona kijani. Rangi hizo hazikuwepo angani. Ni makosa ya kukadiria, kila moja chini ya nusu hatua, yaliyokuzwa mpaka yakawa na jina.

Ukitaka kuziona mwenyewe, toa Cb peke yake:

```
ffmpeg -i anga.mp4 -vf extractplanes=u -frames:v 1 cb.png
```

Utapata picha ya kijivu ya 1920x1080, si 3840x2160, kwa sababu 4:2:0 inaweka sampuli moja ya rangi kwa kila pikseli nne. Ifungue popote penye histogramu, uchague eneo la anga tu, uhesabu ni vijiti vingapi vimesimama. Hivyo ndivyo vivuli vyote vya rangi ulivyonavyo kwenye anga lile.

BiMkataVideo

Jamani nisaidieni nami hapa maana naona mko kwenye mada yangu. Nilipiga mahojiano mbele ya kitambaa cha kijani, kamera ndogo, 1920x1080, faili ni 4:2:0 biti 8. Sikutumia logi, picha ni ya kawaida kabisa. Nikikata kijani, nywele na ukingo wa bega vinakuwa na meno meno kama ngazi. Nikilainisha ukingo, nywele zinaliwa. Hizi ni hizo biti 8 mnazozisema?

FundiRangi

Hapana dada, yako ni shida nyingine ingawa imetoka kwenye faili la aina hiyohiyo. Wewe hujavuta rangi kwa nguvu, umeomba *mpaka* wa rangi. Klipu yako ina pikseli 1920x1080 za mwanga lakini sampuli 960x540 tu za rangi. Kukata kijani kunategemea rangi karibu peke yake, kwa hiyo ukingo unachorwa kwenye picha ya robo ya ukubwa wako kisha unakuzwa. Meno unayoyaona yana upana wa pikseli mbili mbili. Hata ungepiga biti 10, kama ni 4:2:0 meno yangekuwepo. Unywele mmoja wenye upana wa pikseli moja hauna rangi yake. Umepewa wastani wa rangi yake na kijani cha jirani.

Ndiyo maana unaweza kuona picha nzima imetulia, na mara moja kwenye taa nyekundu ya jukwaani au maandishi mekundu juu ya weusi, ukingo umeoza. Hapo mwanga wa nyekundu na wa weusi haujatofautiana sana, kwa hiyo luma haina mpaka mkali wa kuficha ulegevu wa rangi. Kwenye ukingo wa kawaida wa uso na ukuta, luma inabeba mpaka na rangi inajificha nyuma yake.

Kwa klipu uliyonayo: kabla ya kukata, lainisha rangi peke yake bila kugusa mwanga. Kwenye Resolve, bofya nodi kwa kitufe cha kulia, Color Space uweke YUV, kisha kwenye Channels uondoe Channel 1. Sasa ukiweka Blur kidogo kwenye nodi hiyo inagusa Cb na Cr tu. Meno yanageuka mteremko, na kata yako inapata kitu cha kushika. Usizidishe, kijani kitaanza kuvuja kwenye shavu.

KabatiLaKlipu

Ndiyo maana nikasema shusha 4K iwe HD. Dada angepiga 4K angekuwa na sampuli 1920x1080 za rangi, akishusha anapata 4:4:4. Na Mchana_Kweupe tayari ana 4K. Sijaona jibu la hoja yangu.

FundiRangi

Nimelichelewesha, haki yako. Upande wa BiMkataVideo uko sahihi kabisa. Kwa kukata kijani, kupiga 4K ya 4:2:0 na kumaliza kwa HD kunarudisha rangi kwenye kila pikseli, na mtu asiye na kamera ya 4:2:2 afanye hivyo bila kusita.

Kwa anga la Mchana_Kweupe haitoshi, kwa sababu mbili. Kwanza, rangi. Sampuli zake za rangi ni 1920x1080 tayari, na HD inahitaji 1920x1080. Hakuna sampuli nne za kujumlisha, ni moja kwa moja. Cb iliyokuwa na thamani 6 angani inabaki na 6. Umepata 4:4:4 ya biti 8, na mabaka ya waridi yapo palepale.

Pili, mwanga. Ni kweli thamani nne za biti 8 zikijumlishwa zinaweza kufika 1020, na hizo ni hatua za biti 10. Ila zinafika hapo zikiwa zimetofautiana. Kumbuka ngazi yake ina mistari 120. Chukua pikseli nne katikati ya ngazi: zote ni 118, tuseme. Wastani wa 118 nne ni 118. Ukishusha, ngazi inakuwa ya mistari 60 badala ya 120 na kimo chake hakijabadilika. Pikseli pekee zinazopata thamani mpya ni zile zilizokanyaga mpaka.

KabatiLaKlipu

Lakini picha halisi ina chenga. Pikseli nne za jirani haziwi sawa hata siku moja. Mbili zitakuwa 118, mbili 119, wastani 118.5. Hiyo si ndiyo thamani ya katikati unayoitafuta?

FundiRangi

Hapo umeshika jambo lenyewe, na nakubaliana nawe moja kwa moja. Chenga zinafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyoziheshimu. Kama ukweli wa mahali ni 118.3, na chenga za kihisio zinatikisa kila pikseli kwa zaidi ya hatua moja, basi baadhi zitaandikwa 118 na baadhi 119, na uwiano wao unahifadhi ile 0.3. Hakuna ngazi inayoonekana, na wastani wowote, wa pikseli jirani au wa fremu jirani, unaifufua 0.3. Kwa faili lenye chenga hai, kushusha 4K kunaleta faida ya kweli kwenye mwanga.

Ila uliza chenga za Mchana_Kweupe ziko wapi. Anga angavu, ISO ndogo, na H.264. Kodeki inaona chenga ndogo kwenye eneo tambarare, inazihesabu hazina maana, inazifuta ili itunze biti za maeneo yenye michoro. Kilichobaki ni ngazi safi.

SautiNaTaswira

Hapo Fundi umefika ninapotaka. Mimi nasema mnazilaumu biti 8 bure, mhalifu ni kubanwa. Nina klipu za biti 8 kutoka kwenye rekoda ya nje kupitia HDMI, ProRes 422, na nazivuta sana bila mabaka. Na nimeshaona klipu za biti 10 za H.265 zilizobanwa mno zikivunjika angani kama hizi. Kama biti ndizo tatizo, kwa nini?

FundiRangi

Kwa sababu rekoda yako ya nje imezipokea chenga kabla hazijafutwa, na hatua ya biti 8 yenye chenga si hatua tena, kama tulivyosema na Kabati. Sikatai kuwa kubana kuna mkono mkubwa. Lakini nadhani uharibifu huo unaonekana tofauti, na unaweza kuutambua kwa macho.

Ngazi za biti zinafuata umbo la anga lenyewe. Zinapinda pale mwanga unapopinda, mpaka wake ni mrefu na laini, na zinatulia kutoka fremu hadi fremu. Uharibifu wa kodeki una pembe. H.264 inagawa picha katika miraba ya 16x16, na kwa 4:2:0 kila mraba una sampuli 8x8 tu za Cb na 8x8 za Cr. Kodeki ikiona rangi ndani ya mraba inabadilika kidogo sana, inaweza kuandika thamani moja tu ya wastani kwa mraba mzima. Logi iliyopauka inaifanya ikate shauri hilo mara nyingi, maana tofauti zote za rangi zimefanywa ndogo kabla hazijaifikia. Ukivuta, unaona vigae. Na fremu kuu inayofuata ikifika, vigae vinaruka na kujipanga upya, kwa hiyo anga linapumua.

Mchana_Kweupe, simamisha klipu, kuza 400% kwenye anga lililovutwa, utuambie: mipaka ya mabaka imepinda au imenyooka kwa pembe mraba? Na ukicheza, inatulia au inapumua?

Mchana_Kweupe

Nimeangalia. Juu, kwenye buluu, mipaka mingi imepinda, inafuata duara pana kuelekea jua lilipozama. Hiyo imetulia. Lakini chini karibu na upeo, chungwa linapokutana na buluu, ni vigae kweli, na vinarukaruka kila baada ya muda. Kwenye Waveform nako naona mistari ya ulalo iliyoachana, badala ya wingu moja.

Histogramu ya Cb: kwenye eneo lote la anga vijiti 7 tu.

SautiNaTaswira

Vigae chini, ngazi juu. Kwa hiyo tuna wahalifu wawili. Bado nasema kamera ileile ikipewa kodeki isiyobana sana kwa biti 8 hizohizo, hata zile ngazi za juu zisingekuwepo, kwa sababu chenga zingekuwepo.

FundiRangi

Inawezekana kwa kamera yenye chenga za kutosha. Kwa ISO ndogo na anga angavu, baadhi ya vihisio ni visafi kiasi kwamba chenga zenyewe baada ya logi ni chini ya hatua moja ya biti 8. Hapo hata bila kubana kabisa ngazi zitasimama. Bila kuijua kamera yake hatuwezi kulikata hilo.

Tulitibu lililopo. Mpangilio wa nodi ni muhimu kuliko ukubwa wa dawa:

Nodi ya kwanza kabisa, kabla ya kurudisha Rec.709, iwe ya kulainisha rangi, ile ya YUV bila Channel 1 niliyomwelekeza BiMkataVideo. Izungushie dirisha laini la anga peke yake, na Blur yenye ukubwa wa kutosha kuvuka vigae. Hesabu zinafanyika kwa desimali, kwa hiyo Blur inapopita kati ya Cb 139 na 140 inaunda 139.2, 139.5 na kuendelea. Thamani hizo ni za kukisia, si za angani, lakini anga ni kitu cha mteremko laini na makisio yake huwa karibu na ukweli. Kwa uso wa mtu nisingefanya hivi. Kama una Studio, jaribu pia Deband kwenye nodi hiyo kwa ajili ya ngazi za mwanga, na Temporal NR kidogo kwa ajili ya vile vigae vinavyopumua.

Usilichague anga kwa Qualifier. Qualifier inasoma rangi hizohizo zenye vijiti 7, kwa hiyo kingo za uteuzi wako zitafuata ngazi, na gredi itazichonga zaidi. Dirisha la kuchora kwa mkono halijui habari za Cb.

Kijanibuluu cha mteja kipate kwa kuizungusha rangi zaidi na kuikoleza kidogo. Kuzungusha Hue kunabadilisha mwelekeo bila kuzidisha umbali kati ya hatua na hatua. Saturation inazidisha umbali huo moja kwa moja.

Mwisho wa nodi zote, tia chenga nyembamba juu ya picha. Ziwe za mwisho, kwa sababu ukizitia mwanzoni, kontrasti itazivuta nazo. Kazi yake hapa ni kuvunja mipaka pale faili la mwisho litakapokadiriwa tena kuwa biti 8.

BiMkataVideo

Nimejaribu ile ya YUV kwenye kijani. Bega limekaa vizuri. Nywele bado zinapotea kidogo upande wenye mwanga wa nyuma, ila si kama mwanzo. Asante sana Fundi. Safari ijayo nitapiga 4K kama Kabati alivyosema.

Nuru77

Sasa naelewa kwa nini zangu zinaharibika nikipakia. Kwa hiyo hata ukigredi vizuri, ukitoa H.264 ya biti 8 si unarudi kulekule?

FundiRangi

Kwa kiasi. Lakini picha iliyokwisha kugrediwa haivutwi tena, na hilo linabadilisha mambo. Diski za Blu-ray za kawaida ni biti 8 za 4:2:0 na watu wanaangalia filamu nzima bila kulalamika. Kinachobaki ni kodeki kuzila chenga zako za mwisho, kwa hiyo toa faili lenye mbps nyingi kadiri mtandao unavyokubali kupokea, maana tovuti italibana tena mara ya pili.

Mchana_Kweupe

Nimefanya kwa mpangilio huo. Mabaka ya waridi yameondoka karibu yote. Ngazi mbili tatu bado zinaonekana juu kabisa nikikaza macho, ila chenga zimezifunika. Vigae vya upeoni vimepungua, havijaisha, nimelazimika kupunguza kontrasti pale chini kwa dirisha la pili, na mteja atapata kijanibuluu kisichokolea kama alivyotaka.

Swali la mwisho: nitarudi kupiga machweo mengine na kamera hii hii, haina biti 10 ndani. Niendelee na S-Log3?

FundiRangi

Mimi ningeacha logi kwa tukio hilo. Anga la machweo bila jua lenyewe halina stopu nyingi. Chagua wasifu wa kawaida uliopunguzwa kontrasti kidogo, upate kama thamani 35 kwa stopu badala ya 20, na weka rangi ya anga karibu na mteja anavyoitaka palepale kwenye mizani ya nyeupe. Ukivuta mara moja na kidogo badala ya mara tatu, biti 8 zinatosha kabisa. Logi ibaki kwa siku yenye dirisha linalowaka na chumba cha giza ndani ya fremu moja.

KabatiLaKlipu

Au atumie S-Log2 kama anayo. Kijivu cha wastani kinakaa 32% badala ya 41%, kwa hiyo kuna nafasi zaidi juu kwa ajili ya anga.

SautiNaTaswira

S-Log2 ina nafasi juu lakini vivuli vinabanwa, na kwenye machweo nusu ya fremu ni ardhi yenye giza. Nimeona wanaoapa kwa zote mbili. Mchana_Kweupe, ukirudi huko piga klipu moja kwa kila wasifu, mwanga uleule, kisha utuhesabie vijiti vya Cb kwa kila moja.

Mchana_Kweupe

Nitapiga tatu: S-Log2, S-Log3 na ya kawaida. Na kama nitaipata rekoda ya nje ya kuazima nitaongeza ya nne kupitia HDMI ili tuone habari ya chenga. Nitaweka cb.png zote hapahapa.